Mbili buku si buku mbili

"Dada, hapa mshikaki mmoja ni elfu mbili?"

Wifi yangu alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha chipsi Sinza, mkono mmoja umemshika mwanangu, mwingine unaelekea kwenye ubao. Kaka yangu alioa Nakuru, na hii ndiyo mara ya kwanza mkewe anafika Dar es Salaam. Kiswahili anakijua tangu utoto. Nilichodhani ningemtafsiria mjini hapa ni majina ya vituo vya daladala. Sikufikiria ubao wa chipsi.

Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, maandishi ya chaki, na baadhi ya bei zimefutwa kwa kidole na kuandikwa upya juu ya vumbi la ile ya zamani. Nilipiga picha, na picha hiyo nimeitazama tena na tena wiki zilizofuata. Ulisomeka hivi:

KIEPE KAVU 2
ZEGE 3
YAI 2 – 3.5
KIDALI 4 PAJA 3.5
MISHKAKI 2 BUKU
SODA 800
MAJI JERO / BUKU
KUFUNGA 300
SAMAKI TUONGEE
MKOPO KESHO

Usomeni kama mtu ambaye hajawahi kula chipsi za mtaani Dar.

Kiepe ni chipsi, kavu maana yake haina yai wala nyama, zege ni chipsi mayai, kidali ni kipande cha kifua cha kuku. Hayo nilimweleza kwa dakika moja, naye aliyashika mara moja, maana kwao pia mia moja huitwa soo na hamsini finje. Buku, ambayo huko kwao watoto huandikia shuleni, ikawa elfu moja. Jero ikawa mia tano, ile sarafu ambayo tangu mwaka 2014 imechukua nafasi ya noti. Msamiati uliisha hapo.

Na bado ubao haukusomeka.

## Elfu iliyoachwa

Jambo la kwanza lililomsumbua lilikuwa soda. Soda 800, kiepe 2. Kwa macho ya mgeni, chupa ya soda inazidi sahani ya chipsi kwa shilingi mia saba na tisini na nane. Alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ameshaanza kujumlisha kwenye simu na hakujua aingize nini.

Ubao wetu una vipimo viwili ndani yake, na hakuna mstari unaovitenganisha. Kuanzia elfu moja kwenda juu, sufuri tatu hudondoshwa: 2 ni elfu mbili, 3.5 ni elfu tatu na mia tano. Chini ya elfu, namba huandikwa yote: 800, 300. Mwandishi hajachanganyikiwa. Ameacha kile ambacho msomaji wake hawezi kukikosea, kwa kuwa mtu wa Sinza anajua hakuna sahani ya chipsi ya shilingi mbili, wala hakuna soda ya laki nane.

Ile nukta ndiyo mbaya zaidi. Wifi aliisoma 3.5 kama shilingi tatu na senti hamsini, jinsi duka la kwao lingeandika bei ya kitu kidogo. Nilimwambia aiweke nukta mahali pa neno "elfu", na kinachofuata akisome kwa mamia: tatu, elfu, mia tano. Kwa bei zenye tarakimu moja baada ya nukta, njia hiyo haijawahi kuniangusha.

Mstari wa yai una namba mbili, na ni moja tu kati yake iliyo bei. "YAI 2 – 3.5" ukiusoma haraka unaonekana kama bei inayocheza kati ya elfu mbili na elfu tatu na nusu, kana kwamba tupatane. Maana yake ni zege yenye mayai mawili kwa 3,500. Mstari wa juu yake, ZEGE 3, ni ya yai moja, na hilo halijaandikwa popote. Unalijua kwa sababu mstari wa chini upo. Bila ule wa pili, wa kwanza ungeweza kuwa wa mayai yoyote.

Nilipofika hapo niligundua kwamba sikuwa natafsiri tena. Nilikuwa narudisha vitu vilivyoachwa: sufuri, kipimo, idadi ya mayai.

## Mbili buku

Sasa mshikaki.

Swali la wifi lilikuwa la haki kabisa. Ameambiwa buku ni elfu moja, ubaoni pana 2 na buku, basi mshikaki ni elfu mbili. Kwa Kiswahili chetu, hata hivyo, namba hufuata kile kinachohesabiwa. Buku mbili ni noti mbili za elfu moja. Ukitanguliza namba, ukasema "mbili buku", kinachohesabiwa si pesa tena. Kinachohesabiwa ni mishkaki, na buku ni thamani ya hiyo miwili. Miwili kwa elfu moja.

Hili si la vijana wala la mtaani peke yake. Ni utaratibu wa sokoni wa siku nyingi. Muuza ndimu akipaza sauti "tatu mia", anauza ndimu tatu kwa shilingi mia. Akisema "mia tatu", bei imepanda na idadi haijulikani. Wote tunaopita pale tunasikia tofauti bila kufikiri. Mgeni anasikia maneno mawili yaleyale.

Wifi alinyamaza kidogo, akatazama ubao, akasema kitu ambacho sikuwahi kukiwaza: "Lakini ukiandika, huwezi kujua mtu amevuta pumzi wapi."

Ni kweli. Mdomoni kuna pumzi baada ya "mbili". Ubaoni hakuna. Kama mwandishi angeweka mstari mfupi, 2 – BUKU, jinsi alivyofanya kwenye mayai, shaka ingepungua. Hakuweka. Tena kwa nafasi ilivyokuwa ndogo upande wa kulia, ni wazi kwamba bei hiyo ilikuwa imebadilishwa siku za karibuni na herufi zimebanwa ili zitoshe.

Kwa hiyo nilimpa kipimo kingine kisichohitaji sarufi. Linganisha bei ndani ya ubao huohuo. Sahani nzima ya kiepe ni elfu mbili. Paja la kuku ni 3,500. Je, kijiti kimoja chenye vipande vinne vya nyama, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba, kinaweza kuwa sawa na sahani nzima ya chipsi? Haiwezekani kwenye kibanda kimoja. Mia tano inakaa vizuri mahali pake; elfu mbili inagombana na kila jirani yake. Kubadilisha kuwa shilingi za Kenya hakungemsaidia hapo, maana kiwango cha fedha hakikuambii mshikaki una ukubwa gani.

Kisha nikamuuliza kijana wa kibanda swali ambalo naona watu wengi huliacha. "Mdogo wangu, mmoja je?"

"Mmoja jero, dada."

Swali hilo lina maana pale utakapokula idadi isiyogawanyika kwa mbili. Kuna vibanda ambavyo miwili ni elfu lakini mmoja ukiuchukua peke yake ni mia sita, kwa kuwa bei ya jozi ni punguzo. Hapo mishkaki saba si saba mara mia tano. Ni jozi tatu na mmoja wa pembeni: 3,600 badala ya 3,500. Ubao hausemi lolote juu ya yule wa pembeni. Lazima uulize kabla hujala.

## Oda

Wifi aliomba kuagiza mwenyewe. Nilifurahi, nikakaa na mtoto kwenye benchi.

Kulikuwa na foleni ndogo, bodaboda mbili zimesimama na injini zinanguruma, na mafuta yanapiga kelele kwenye karai. Nilimsikia akisema: "Zege mbili, moja yai mbili. Kavu moja ya kufunga. Mishkaki saba. Soda mbili na maji makubwa."

Ilikuwa oda nzuri. Kavu ya kufunga ilikuwa ya kaka yangu aliyebaki nyumbani. Kijana alichota chipsi kwenye kabati la kioo, akazirudisha kidogo kwenye mafuta ya moto, akavunja mayai kwenye kikombe, akapiga, akamimina juu ya chipsi kwenye kikaango. Akafunika kwa sahani na kugeuza. Mishkaki ilikuja kwenye sahani ya pembeni na kachumbari, bado ikiwa kwenye vijiti vyake.

Tulikula.

Tulipomaliza, kijana alikuja mezani, akatazama sahani kwa jicho moja la haraka, midomo ikatembea bila sauti. "Kumi na tano na mia nne."

Wifi alikuwa na simu mkononi, na hesabu yake ilikuwa tayari. Alinigeuzia kioo chini ya meza. Kilisomeka 14900.

## Jero tatu tofauti

Hesabu yake ilikuwa hivi. Zege ya mayai mawili 3,500 na zege ya yai moja 3,000, jumla 6,500. Kavu 2,000 na kufunga 300, ikafika 8,800. Mishkaki saba 3,500, ikafika 12,300. Soda mbili 1,600, ikafika 13,900. Maji makubwa 1,000. Elfu kumi na nne na mia tisa.

Niliipitia kichwani na haikuwa na kosa.

Yule kijana alisema 15,400. Tofauti ni mia tano kamili, na hapa ndipo moyo wangu ulipoanza kufanya kazi chafu kabla ya kichwa. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba amesikia lafudhi ya wifi, akajua ni mgeni, akaongeza jero. Sina ushahidi wowote wa wazo hilo hadi leo. Lilikuja tu, na lilikuja haraka, na ndilo lililonikera wiki zote hizi.

Wazo la pili lilikuwa bora kidogo: tafuta kitu cha mia tano. Mshikaki mmoja ni mia tano. Basi amehesabu minane.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo, nikaona ubao nyuma ya bega lake.

Mshikaki mmoja ni mia tano. Lakini pia tofauti ya zege ya yai moja na ya mayai mawili ni mia tano. Na chupa ndogo ya maji ni mia tano. Ubao mmoja una jero tatu zinazofanana kabisa. Kwa hiyo tofauti ya mia tano haikuniambia kosa liko wapi. Iliniambia tu kwamba kuna mahali sisi na yeye hatukubaliani, na mahali hapo panaweza kuwa popote kati ya patatu.

Kwa bei za namna hii, ambapo karibu kila hatua ni mia tano, kulinganisha jumla kwa jumla ni kupiga ramli. Ingekuwa tofauti ya 800, ningejua ni soda. Ingekuwa 300, ningejua ni kufunga. Jero haina jina.

Tulichofanya ni kuacha namba na kuhesabu vitu. Vijiti kwanza, kwa sababu kijiti hakiliwi na hakisahau: sita kwenye sahani na kimoja mkononi mwa mtoto aliyekuwa anachorea mezani. Saba. Njia hii, lakini, inafaa pale tu nyama inapoletwa ikiwa kwenye vijiti. Vipo vibanda ambapo mpishi huichomoa na kukuletea imelala juu ya chipsi, na hapo vijiti vinabaki kwake.

Chupa ya maji: moja tu, kubwa, na sote tumesema kubwa. Soda mbili, chupa mbili.

Yakabaki mayai, yaani kile kitu pekee ambacho kilikuwa tumboni.

## Mayai manne

"Mdogo wangu, zege umetupigia ngapi ngapi?"

"Zote yai mbili, dada. Nimevunja manne."

Alisema bila kusita wala kujitetea. Kwenye sahani yangu kilibaki kipande nilichoshindwa kukimaliza. Nilikiinua kwa kijiti cha meno kikainuka kizima. Zege ya yai moja haiinuki hivyo. Yai ni kidogo, chipsi zinachungulia pembeni, na ukiinua upande mmoja inakatika. Hii ilikuwa imeshikana mpaka katikati, rangi ya njano pande zote mbili. Yalikuwa mayai mawili, bila shaka yoyote. Kama ningekuwa makini, ningeliona tangu inapogeuzwa kwenye sahani.

Alichosikia katikati ya bodaboda na mafuta ni "zege mbili, yai mbili". Neno moja, "moja", lilimezwa na kelele. Na sentensi iliyobaki inasimama yenyewe vizuri kabisa, ndiyo maana hakuona haja ya kuuliza.

Itazameni sentensi hiyo. Zege mbili, yai mbili. Inaweza kuwa mayai mawili kwa kila zege. Inaweza pia kuwa mayai mawili kwa jumla, moja kwa kila sahani, na hapo bei ingekuwa 6,000. Yeye alichukua maana ya kwanza kwa sababu ubao wake una mstari unaoitwa "yai 2", hivyo kwake hilo ni jina la chakula. Hakuwa anahesabu mayai.

Kuna namna ya kuagiza ambayo ingezuia hili, na kila mla chipsi wa mji huu ameisikia: kutaja bei ndani ya oda. Mtu hasemi chipsi kiasi gani, anasema "nipe za buku". Nilidhani siku zote kwamba hiyo ni lugha ya mwenye pesa kidogo, anayetaka ajue mwisho wake. Siku hizi naona ni risiti inayotolewa kabla ya chakula. "Zege ya tatu moja, na ya tatu na mia tano moja." Hapo neno likimezwa na kelele, linabaki jingine la kulishikilia, na mpishi akikosea anakosea jambo ambalo bei yake imeshatajwa. Ila semeni "tatu na mia tano", na hiyo "na" isidondoke. "Tatu mia tano" bila "na" inaturudisha kwa muuza ndimu.

Nililipa 15,400. Wifi hakukubaliana nami, na hakubali mpaka sasa. Kwake, mteja analipa alichoagiza, na kosa la kusikia ni la mwenye masikio. Kwangu, mayai manne yalivunjwa na yote manne tumeyala. Nadhani tungekuwa sote upande mmoja kama tungeligundua kabla ya kula; zege ingerudi, au bei ingeshuka, na hakuna ambaye angeona ajabu. Baada ya kula, sijui mtu anarudisha nini.

## Mia nne ya nini?

Nilitoa noti mbili za elfu kumi, zile nyekundu ambazo mtaani huitwa msimbazi kwa sababu ya rangi ya Simba. Kijana alizitazama, akapapasa mfuko wa aproni, akauliza: "Dada, huna mia nne nikupe tano?"

Wifi alinishika mkono.

Kwa upande wake mambo yalikuwa yanazidi kuharibika. Tumebishana juu ya mia tano, tumetoa elfu ishirini, na sasa mtu huyu anataka mia nne nyingine na anazungumzia tano. Tano ipi? Yai la tano?

Nilimweleza njiani, tukiwa tunarudi. Elfu ishirini ukitoa 15,400, chenji ni 4,600. Hiyo ni noti mbili za elfu mbili, jero moja na sarafu ya mia, na sarafu ndogo ndizo kibanda hukosa usiku. Ukimwongezea 400, umempa 20,400. Anakurudishia 5,000, noti moja, na kila mtu ameondoka salama. "Tano" ni elfu tano, elfu imedondoshwa kama kule ubaoni. "Mia nne" inatajwa yote kwa kuwa iko chini ya elfu. Ni kanuni ileile, safari hii mdomoni.

Kukagua chenji ya namna hii ni rahisi kuliko inavyoonekana. Usitoe. Jumlisha kutoka kwenye bili kwenda juu: 15,400 na 5,000 ni 20,400. Umetoa 20,400? Basi imefungwa.

Angekuwa peke yake, alisema, angetoa elfu ishirini akaondoka bila kusubiri chochote, na kwao angesimulia kwamba Dar chakula cha barabarani ni ghali na wauzaji wanaongeza bei ukishakula. Alisema hivyo kwa upole. Mimi ndiye niliyeumia, kwa sababu kila kitu alichokiona kingethibitisha simulizi hiyo, na hakuna hata kimoja ambacho kingekuwa kweli.

## Ubao ni wa nani

Kwa muda nilitaka kumlaumu mwandishi wa ubao. Nilifika hata mahali pa kuchora jinsi ungepaswa kuwa: bei zote na sufuri zake, "mishkaki, kila mmoja 500", "zege yai moja 3,000". Kisha nikajaribu kuupanga kwenye kipande cha mbao cha ukubwa ule, nikaona unakosa nafasi kabla ya kufika kwenye maji. Na bei ya mafuta ya kula ikipanda, kijana anafuta namba moja kwa kidole. Kwenye ubao wangu angelazimika kuandika upya mstari mzima.

Na jambo la pili lilinirudisha nyuma zaidi. Vibanda vingi havina ubao kabisa. Bei iko mdomoni, na mdomoni ndipo inapoweza kubadilika kulingana na sura iliyosimama mbele. Kijana huyu amejifunga kwa chaki. Ameandika kwa mkato, kwa lugha ya wateja wake wa kila siku, lakini ameandika, na baada ya kuandika hawezi kumwambia wifi bei moja na mimi nyingine huku ubao unatutazama. Mgeni asiyeweza kuusoma bado analindwa nao, mradi awepo mtu mmoja mezani anayeweza.

Hata kulipa kwa simu kusingetuondolea shaka yetu. Ujumbe unaokuja baada ya Lipa Namba unakuonyesha jumla uliyotuma. Haukuambii mayai yalikuwa mangapi.

## Mistari miwili ya mwisho

Mkopo Kesho haikuhitaji maelezo marefu. Kesho ikifika, ubao bado utasema kesho.

Samaki Tuongee ndiyo inayonisumbua, kwa sababu sijapata njia ya kuikagua. Samaki hawalingani, mwenye kibanda ananunua kwa bei ya siku hiyo, na kuandika namba moja kungemtia hasara au kumfukuza mteja. Naelewa. Lakini mistari yote ya juu, hata iliyobanwa kiasi gani, inakupa kitu cha kulinganisha na bili. Huu haukupi chochote. Bei yake inazaliwa katika mazungumzo na hakuna alama inayobaki.

Ninachojua ni wakati wa kuuliza. Samaki akiwa bado kwenye beseni, anaonyeshwa, anatajiwa bei, unaweza kusema hapana na kuonyesha mwingine mdogo. Akishawekwa chumvi na ndimu na kulazwa juu ya wavu, ni wako, kwa bei yoyote itakayotajwa mezani. Nimeona watu wazima wa mji huuhuu wakinaswa hapo, wanaosoma kila mstari wa ubao bila kukwama.

Usiku wa mwisho kabla hajapanda basi, wifi alitaka samaki. Tulikwenda kibanda kingine, karibu na nyumbani, ambacho hakina ubao. Alisimama juu ya beseni, akaonyesha sato mmoja, akauliza. Kijana akasema nane. Wifi akauliza yule wa pembeni yake. Sita na mia tano. Akauliza kama ugali umo ndani ya bei hiyo au ni juu yake, swali ambalo mimi sikuwa nimemfundisha. Ugali ulikuwa juu, elfu moja. Akachukua wa sita na mia tano, akafungua simu, akaandika 7500 kabla samaki hajatoka kwenye beseni.